Pembe ya kwanza au pembe ya tatu? Maswali ya mafundi na wanafunzi kabla ya kukata chuma

Maswali haya yanatoka kwa mafundi wa jua kali hapa Kisumu, kwa vijana wa vyuo vya ufundi Nakuru na Kakamega, na kwa wazazi ambao watoto wao wanasoma uchoraji wa kifundi sekondari. Karibu yote nimeyajibu kwa kutumia kifaa kimoja, braketi ndogo ya chuma, kwa sababu ukiielewa hiyo vizuri huhitaji mifano ishirini.

Pembe ya kwanza na pembe ya tatu zinatofautianaje?

Hizi ni njia mbili za kupanga kwenye karatasi mionekano ya kifaa, yaani michoro yake kikitazamwa kutoka mbele, juu na pembeni. Zinatofautiana kwa mahali pa kuweka michoro hiyo, basi. Mwonekano wa juu wa kifaa ni uleule katika mifumo yote miwili, mstari kwa mstari, na wa kushoto na wa kulia vivyo hivyo. Kinachobadilika ni kwamba mfumo mmoja unauweka mwonekano wa juu chini ya ule wa mbele, na mwingine unauweka juu yake.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kila neno linataja upande wa kifaa unaoonyeshwa mahali hapo:

```
   PEMBE YA KWANZA              PEMBE YA TATU

        CHINI                        JUU
 KULIA  MBELE  KUSHOTO      KUSHOTO  MBELE  KULIA
         JUU                        CHINI
```

Katika pembe ya tatu kila mwonekano unakaa upande uleule unaotazamwa. Katika pembe ya kwanza unakaa ng'ambo: ukitazama kifaa kutoka kushoto, ulichokiona unakichora kulia. Watu wengi huona pembe ya tatu ni rahisi zaidi, nami nakubaliana nao, lakini hilo halimsaidii fundi aliyeletewa mchoro wa pembe ya kwanza.

Nitaujuaje mfumo kwa kutazama tu?

Tafuta alama ndogo ndani ya kisanduku cha maelezo, ambacho mara nyingi kiko kona ya chini kulia ya karatasi. Alama hiyo ni koni iliyokatwa ncha, imechorwa mara mbili. Mchoro mmoja unaionyesha ikiwa imelala ubavu, ncha moja nyembamba na nyingine pana. Wa pili ni miduara miwili, mdogo ndani ya mkubwa.

Wengi hukariri kwamba miduara ikiwa kushoto ni pembe ya tatu, na ikiwa kulia ni ya kwanza. Usijifunze hivyo, kwa kuwa alama inaweza kuchorwa imegeuzwa na bado ikawa sahihi. Tazama ni ncha ipi ya koni inayoielekea miduara. Ncha nyembamba ikiwa upande wa miduara, hiyo ni pembe ya tatu. Ncha pana ikiwa upande wa miduara, hiyo ni pembe ya kwanza.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ndiyo itakayokusaidia siku mchoro utakapokuja bila alama yoyote. Miduara yote miwili imechorwa kwa mstari mzima. Ili uuone mduara mdogo kwa mstari mzima ni lazima uwe umesimama upande wa ncha nyembamba. Ungesimama upande wa ncha pana, mduara mdogo ungejificha nyuma na kuchorwa kwa mstari wa kukatika-katika. Kwa hiyo miduara hiyo imetazamwa kutoka ncha nyembamba. Ikiwa imewekwa upande huohuo wa ncha nyembamba, mfumo ni wa tatu. Ikiwa imepelekwa ng'ambo, ni wa kwanza.

Mchoro niliopewa ni fotokopi, na kisanduku cha maelezo kimekatika. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenye kazi. Mchoro unapigwa picha kwa simu, unatumwa kwa WhatsApp, unachapishwa saiba, na kona yenye alama inabaki nje. Hata hivyo mara nyingi mistari yenyewe inaweza kukuambia mfumo.

Chukua braketi yetu. Ina kitako cha bamba lenye urefu wa milimita 100, upana wa 60 na unene wa 12. Upande wa kushoto umesimama ukuta wenye unene wa milimita 12 na upana uleule wa 60, na kimo cha kifaa kizima kutoka chini ni milimita 62. Kitako kina tundu moja la milimita 12 linalopenya hadi chini. Kitovu chake kiko milimita 30 kutoka ncha ya kulia na milimita 15 kutoka ukingo wa mbele.

Mwonekano wa mbele ni umbo la herufi L, ukuta ukiwa kushoto. Tundu linaonekana humo kama mistari miwili ya kukatika-katika ndani ya kitako.

Sasa chini ya mwonekano huo kuna mstatili wa 100 kwa 60 wenye mduara wa tundu. Je, huu ni mwonekano wa juu au wa chini? Tafuta mstari ulio milimita 12 kutoka ncha ya kushoto, pale ukuta unapokutana na kitako. Ukiitazama braketi kutoka juu, kona hiyo inaonekana wazi, hivyo mstari ni mzima. Ukiitazama kutoka chini unaona uso bapa wa kitako, ukuta umejificha juu yake, hivyo mstari ule ungekuwa wa kukatika-katika. Mstari ukiwa mzima, mwonekano ni wa juu. Nao umewekwa chini. Basi mchoro ni wa pembe ya kwanza, na humhitaji mtu wa kukuthibitishia.

Hakikisha kwa mwonekano wa pembeni. Tuseme uko kulia kwa ule wa mbele: mstatili wa upana wa 60 na kimo cha 62, wenye mstari mmoja wa mlalo katika kimo cha milimita 12, yaani uso wa juu wa kitako. Ukisimama kulia kwa braketi, kitako kiko mbele yako na ukuta uko nyuma yake, kwa hiyo mstari huo unauona. Ukisimama kushoto, ukuta unakukinga usione kitu, na mstari unakuwa wa kukatika-katika. Kwa hiyo mstari wa kukatika-katika hapo maana yake umetazama kutoka kushoto na mchoro umewekwa kulia: pembe ya kwanza tena. Mstari huohuo ukiwa mzima, ni pembe ya tatu.

Hatua ni hizohizo kwa kifaa chochote. Tafuta kitu kimoja kinachoonekana kutoka upande mmoja na kujificha kutoka upande wa pili: kona ya ukuta, tundu lisilopenya, mfereji, kichwa cha tundu kilichopanuliwa. Angalia mstari wake ni mzima au wa kukatika-katika. Hapo unajua umesimama wapi, kisha unaangalia mwonekano umewekwa wapi. Rudia kwa mwonekano wa pili. Majibu yakigongana, ama umesoma vibaya ama aliyechora amechanganya mifumo, na hapo usiwashe mashine.

Nikiusoma mchoro wa pembe ya kwanza kana kwamba ni wa tatu, nitatengeneza kitu gani?

Utatengeneza kifaa kilichogeuzwa mbele kwa nyuma, kama kinavyoonekana kwenye kioo. Vipimo vyote vitakuwa sahihi. Venia haitakuambia lolote, na ndiyo sababu kosa hili hufika mpaka kwa mteja.

Rudi kwenye braketi. Katika mwonekano wa juu uliowekwa chini, tundu liko milimita 15 kutoka ukingo wa chini wa mstatili. Katika pembe ya kwanza ukingo huo ni upande wa mbele wa braketi. Anayedhani mchoro ni wa pembe ya tatu atauchukulia kuwa ni mwonekano wa chini, na katika mwonekano wa chini wa mfumo huo ukingo wa chini wa mstatili ni upande wa nyuma. Atatoboa tundu milimita 15 kutoka nyuma. Akitazama mwonekano wa pembeni kwa dhana hiyohiyo, nao utamwambia hivyohivyo, kwa kuwa kosa linageuza michoro yote kwa pamoja. Ndiyo maana hawezi kuligundua kwa kulinganisha vipimo. Kitakachomsuta ni aina ya mistari tu.

Na braketi hiyo huwezi kuiokoa kwa kuigeuza. Ukiizungusha, ukuta unahamia kulia na tundu linahama nalo. Ukiipindua, ukuta unaning'inia chini. Mtu hubaki na njia mbili: kuziba tundu kwa kuchomelea, kusaga na kutoboa upya, kama mteja atakubali, au kukata chuma kingine.

Kuna kazi ambazo kosa hili halidhuru?

Zipo. Kifaa ambacho nusu yake ya mbele inalingana na ya nyuma hakina tatizo, kwa mfano shafti au bushi ya leth. Bamba bapa lenye matundu yanayopenya wima pia halina tatizo, hata matundu yakiwa yametawanyika ovyo, kwa sababu likitoka limegeuka unalipindua tu na linakuwa sawa.

Ila angalia bamba hilo linaenda wapi baadaye. Likikunjwa, au likichomelewa sikio upande mmoja, au matundu yakipanuliwa vichwa ili skrubu zizame, upande wa juu na wa chini si kitu kimoja tena. Mchoro wa bamba bapa hauna mistari ya kukufichulia mfumo, kwa hiyo hapo uliza kabla ya kukunja.

Mnaposema kushoto, ni kushoto kwa nani?

Kwako wewe unayeutazama mwonekano wa mbele. Si kushoto kwa mashine, wala kwa dereva aliyeketi juu ya trekta. Mafundi wa vipuri vya matrekta hukwama hapa, kwa kuwa katika vitabu vya vipuri upande wa kulia wa trekta kwa kawaida huhesabiwa kutoka kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Ukiwa mbele ya rejeta, upande huo uko mkono wako wa kushoto. Kwenye mchoro wa kifaa kimoja, msahau dereva.

Na "mbele" yenyewe ni uamuzi wa mchoraji. Kwa kawaida huchagua upande unaoonyesha umbo vizuri zaidi, ambao si lazima uwe ndio unaotangulia kifaa kikifungwa mahali pake.

Nipeni njia ya kuelewa nisiyohitaji kukariri.

Chukua boksi la majani chai lenye maandishi tofauti kila upande. Liweke juu ya meza, uso wake wa mbele ukitazama dari. Sasa libingirishe mara moja kuelekea kulia. Upande unaotazama dari sasa ni ule uliokuwa kushoto, nao uko kulia kwa mahali boksi lilipokuwa. Lirudishe, kisha libingirishe kuja kwako: sasa unaona upande wa juu wa boksi, nao uko chini ya mahali pa kwanza. Hiyo ndiyo pembe ya kwanza.

Kisha lifungue boksi hilohilo gundi zake na ulitandaze, maandishi yakiwa juu. Upande wa kulia umelala kulia kwa uso wa mbele, na wa juu uko juu. Hiyo ndiyo pembe ya tatu.

Boksi linakufundisha pia kanuni ambayo mimi naitumia zaidi kuliko ile ya koni. Katika pembe ya tatu, ukingo wa kila mwonekano wa jirani ulio karibu na mwonekano wa mbele ni upande wa mbele wa kifaa. Katika pembe ya kwanza, ukingo huo wa karibu ni upande wa nyuma. Inafanya kazi juu, chini, kushoto na kulia, bila kukuuliza ulikuwa umesimama wapi. Kwenye braketi yetu ya pembe ya kwanza, tundu liko karibu na ukingo wa mbele, kwa hiyo katika kila mwonekano wa jirani utalikuta limekaa upande wa mbali na mwonekano wa mbele.

Je, nchi ilikotoka mashine inatosha kuniambia mfumo?

Inakupa dalili, haikupi jibu. Michoro ya Marekani na Japani kwa kawaida ni ya pembe ya tatu. Ya India, China na sehemu kubwa ya Ulaya kwa kawaida ni ya pembe ya kwanza. Uingereza, ambako mafunzo yetu mengi ya uchoraji yalianzia, inakubali yote mawili, na viwango vya kimataifa vya ISO pia vinakubali yote mawili ilimradi alama iwekwe.

Ukanda wetu una mchanganyiko. Kiwanda kimoja cha sukari kinaweza kuwa na mashine kutoka mabara mawili, na vipuri vilivyochorwa upya na mhandisi wa hapa kwa mfumo aliofundishwa chuoni. Mchoro ulionakiliwa upya hausemi tena habari za nchi ya mashine. Pima kwa mistari.

Mtihani wa KCSE unataka upi?

Soma maagizo ya swali lenyewe, kwa sababu mwanafunzi anatakiwa kuijua mifumo yote miwili. Swali likikuonyesha kifaa kwa picha ya pande tatu na mishale ya kuelekeza mbele, anza na mshale: mwonekano wa mbele ukichaguliwa vibaya, michoro yote inayofuata inaharibika hata kama mpangilio ni sahihi. Halafu chora alama ya koni hata kama hukuambiwa. Inachukua dakika moja, na inakulazimisha ukumbuke ulichokuwa unafanya.

Kuna mwonekano umewekwa pembeni peke yake, una herufi na mshale. Niusome kwa mfumo upi?

Wowote. Mshale wenye herufi, tuseme A, ukielekea kifaa, na mahali pengine pa karatasi pana mwonekano ulioandikwa A, basi mwonekano huo ni kile unachokiona ukitazama kufuata mshale. Mahali ulipowekwa hapana maana. Mimi ningependa wachoraji wetu watumie njia hii zaidi kwa vifaa vyenye upande wa kushoto na wa kulia, kwani inaondoa ubishi wote.

Mkato nao unafuata mishale. Mishale iliyo kwenye ncha za mstari wa mkato inaonyesha unakotazama. Kinachochorwa ni kile kilicho mbele ya mishale, na kilicho nyuma yake kimeondolewa.

Natumia kompyuta. Si programu inajipanga yenyewe?

Inapanga michoro kwa mfumo uliochaguliwa kwenye mipangilio, ambao huenda si ule unaoudhani. Katika AutoCAD mfumo wa mionekano inayotokana na modeli unauweka kwa amri `VIEWSTD`. Katika FreeCAD, kwenye benchi la `TechDraw`, kundi la mionekano lina sifa ya `ProjectionType` ambako unachagua mfumo.

Shida iko kwenye kisanduku cha maelezo. Alama ya koni mara nyingi ni sehemu ya kiolezo cha karatasi, imechorwa humo tangu awali. Ukibadilisha mfumo, michoro inahama lakini alama inaweza kubaki ileile. Ndiyo maana hata mchoro wenye alama safi naupima kwa mstari mmoja wa kukatika-katika kabla ya kuuamini.

Mbona hakuna pembe ya pili na ya nne?

Mbao mbili zinazokatizana, moja ya wima na nyingine ya mlalo, zinagawa nafasi katika pembe nne. Kifaa kikiwa katika ya pili au ya nne, ubao wa mlalo ukikunjwa mwonekano wa juu unaangukia palepale penye ule wa mbele, na mistari inapandana. Hausomeki.

Nimepima kwa mistari na bado nina shaka. Nimuulize mteja nini?

Usimuulize kama mchoro ni wa pembe ya kwanza au ya tatu. Wateja wengi hawajui, na wengine watakujibu chochote ili kazi iendelee. Muulize kuhusu kifaa chenyewe, kwa kutaja kitu anachoweza kukiona. Kwa braketi yetu ningeandika hivi:

"Habari ya leo, mzee. Niko na ile braketi. Ukisimama uitazame umbo lake la L, ukuta ukiwa mkono wako wa kushoto, lile tundu la kitako liko karibu na wewe au liko upande wa mbali? Kama ya zamani bado iko kwa mashine, naomba unipigie picha ukiwa umesimama hivyo."

Akituma picha, iweke kando ya mchoro na uulinganishe na kanuni ya ukingo wa karibu. Kisha andika mfumo kwa kalamu kwenye nakala yako, juu kabisa, kwa sababu atakayetoboa kesho huenda si wewe.